Maneno Baba Alikatala Baandike

Baba yangu alikuwaka fundi wa kushona. Si fundi wa kutia kiraka, hapana. Fundi wa koti, wa suruali yenye kukunjwa chini, wa robe, gauni ya bamama ya bazungu ya kuvaa ku misa ya Paska. Kazi yake ilikuwa kwa muzungu mumoja, muzee, hakuoaka, hakuzalaka. Atelier yake, nyumba ya kushonea, ilikuwa mu mji, kule Élisabethville tulikuwa tunaita "kwa bazungu", na sisi tulikuwa tunakaa mu cité, mutaa ya bantu beusi, lupango ndogo ya kuzungushiwa uzio, nyumba ya vyumba mbili. Mi nilikuwa mutoto wa kwanza, mwanamuke. Nyuma yangu batoto mwanaume mbili, bapacha hapana, lakini balifuatana karibu sana mpaka bantu balikuwa banabachanganya.

Mu atelier kulikuwa mashini tatu. Mbili kubwa, za kukanyaga na miguu, njo za baba. Moja ndogo ya kuzungusha na mukono, ilikuwa inakaa pembeni kwa muzee mufuaji. Huyu mufuaji alikuwa muntu wa Maniema, muislamu, kofia yake nyeupe kila siku, alikuwa anafua nguo na kupiga pasi. Kama kifungo kinatoka, anashona yeye mwenyewe na ile mashini ndogo, na baba anamucheka.

"Muzee," baba anamwambia, "unashona sawa vile kuku anaparula."

"Kuku anaparula, lakini anakula," yeye anajibu. "Wewe unashona muzuri, na uko mwembamba."

Njo vile balikuwa. Mi nilikuwa naenda kule kupeleka bukari, ugali ya baba, saa sita, na nilikuwa nakaa chini ya meza ya kukata, naokota vipande vya kitambaa. Ile meza, mungu wangu, mi naiona mpaka leo. Ndefu, inang'aa kwa kushikwa na mikono.

Sasa siku moja ule muzungu muzee aliita baba na mufuaji mu chumba ya nyuma. Ile mambo sikuiona na macho. Baba njo aliituelezea magaribi ile, tunakula sombe, majani ya muhogo, anacheka yeye mwenyewe. Alisema muzungu alikuwa anaandika karatasi yake ya kufa, testament. Kwabo hana mutoto, hana bibi, iko paka na mutoto mumoja tu wa ndugu yake kule Ulaya, na huyu hajamuona tangu alikuwa kitoto. Alisema: "Nitakapokufa, mashini mbili kubwa na meza ni za fundi wangu. Mashini ndogo, pasi na kinga ni za mufuaji." Kinga ni bicycle, kwa bale banasahau. Bintu ingine yote itaenda kwa mutoto wa ndugu.

Kisha akauliza mufuaji: "Na kama wewe unakufa mbele yangu?"

Mufuaji alisema bila kufikiri: "Andika batoto yangu. Kufa ni ya kila muntu, Bwana, na mi niko mbele ku mustari."

Muzungu akaandika. Akageuka kwa baba: "Na wewe?"

Baba akaweka mikono nyuma. Kwetu, kule tunatoka, kaskazini, hautaji jina ya mutoto wako pembeni ya lufu, ya kifo. Unataja, unaiita. Lufu ina masikio. Muntu anaweza kusema "siku moja nitakufa" na bantu bote banacheka, lakini kusema "nitakufa, na huyu mutoto wangu atabaki na kintu hiki", na muntu mwengine aandike na wino, hapana. Baba akasema: "Bwana, usiweke batoto yangu mu hiyo karatasi."

Muzungu akacheka. "Uko kijana. Una nguvu. Sawa. Utanizika wewe." Na akaacha pale, jina ya baba, na nukta.

Mama akamusifu. Alisema: "Umefanya muzuri. Huyu mufuaji anachezea batoto yake." Na akamuongezea sombe. Mi nilikuwa napanguza sahani. Mama yangu alikuwa muntu wa akili, batoto yangu, akili ya kushinda mi na ninyi bote. Lakini ile siku alimusifu.

Mu mwezi ya baridi, mufuaji akakufa. Uzee tu. Alifua asubuhi, akalala kidogo, basi. Mutoto wake mukubwa, muntu muzima mwenye ndevu na bibi na batoto, akashika kazi ya baba yake kwa ule muzungu. Na wakati mvula ya kwanza ilinyesha, baba akashikwa ku kifua. Siku tisa ku lopitalo ya cité. Siku ya kumi tukamuzika. Sitaki kuongea sana juu ya ile. Alikuwa kijana, kweli. Alikuwa na nguvu, kweli.

Muzungu alikuya ku kilio. Alikuya na kofia yake mu mukono, akasimama mu lupango kati ya bamama balikaa chini, hajui aweke miguu wapi. Akaambia mama: "Usilie hivi. Mashini ni zenu. Karatasi iko." Yeye naye, muzungu mwenye kusoma, alizania vile tulizania sisi: baba akikufa, kintu yake inashuka kwa batoto, sawa mayi inashuka. Hakuna mumoja alijua.

Na baba mukubwa alifika na treni, ndugu mukubwa wa baba. Muntu murefu, sauti ya chini, si muntu mubaya. Nasema hivi juu ndugu zangu bengine banamufanya kuwa simba. Hakukuwa simba. Alikuwa muntu wa mila, na mila ilimwambia batoto ni ya ukoo. Kilio kilipokwisha, alikaa ku kiti cha baba na akasema kwa mama:

"Shemeji, mu mji hapa, nyumba ni ya muntu wa kazi. Mwenye kazi amekufa. Nitakupeleka nyumbani na batoto. Wewe kama unataka kurudi kwenu, rudi. Batoto ni yetu."

Mama akasema: "Shemeji, mashini ya bwana yangu iko. Mbili. Mi najua kushona. Alinifundisha tundu za kifungo, alinifundisha mikono ya koti. Muzungu ameniachia nishone mu atelier yake. Na siku yeye anakufa, mashini inaingia mu nyumba hii. Nitalisha batoto hapa, batasoma."

Baba mukubwa akafikiri. "Unasema kuna karatasi."

"Karatasi iko."

"Basi nitarudi kavu inapofika, mvula ikikwisha. Kama mashini ni yako, nitabaacha. Kama si yako, nitabachukua."

Njo ile ilikuwa mambo yote, munasikia? Mashini ni sisi. Mashini inabaki, tunabaki. Inaenda, tunaenda.

Mama alishona miezi ile sawa muntu anakimbizwa. Mi nilikuwa nabeba nguo, napiga pasi, naungua vidole. Tulikuwa tunacheka pia, musizanie hapana. Mama alikuwa anaiga namna bamama ya bazungu banashika tumbo ndani wakati wa kupimwa, na sisi tunaanguka chini. Lakini asubuhi moja tulikuta mulango ya atelier ilifungwa. Mutoto wa mufuaji alikuwa anakaa ku ngazi, kikapu ya nguo mu magoti.

"Muzee ameanguka," akasema. "Upande wa kuume wote umekufa. Kinywa pia. Bamemupeleka ku lopitalo ya bazungu."

Mama akakaa chini pembeni yake. Kisha akasimama haraka, akasema: "Twende kwa karani."

Karani huyu alikuwa muntu wa kwetu, wa parokia yetu, alikuwa anafanya kazi mu bureau ya notaire, muzungu wa kuandika karatasi za sheria. Miwani, kalamu mu mufuko, koti ambayo baba mwenyewe alimushonea. Alikuwa anaongea Kifaransa na sauti ya puani. Sisi na mutoto wa mufuaji tulimungoja inje mpaka saa ya kula, akatoka na mukate yake. Mama akamupigia magoti kidogo, kwa heshima.

"Baba karani, mi naomba tu kujua. Muntu anaandika ku testament: hii kintu ni ya fulani. Fulani anakufa mbele. Kisha mwenye kuandika anakufa. Kintu ni ya nani?"

Karani akaacha kutafuna. "Kuna maneno ingine nyuma ya jina? 'Kama akufe mbele yangu, batoto yake', maneno sawa ile?"

"Hakuna."

"Paka jina."

"Paka jina."

Alifunga mukate yake mu karatasi. Sitasahau namna aliifunga, pole pole, pembe na pembe. "Mama, ile zawadi imeanguka. Bazungu banasema *caduc*. Testament haitoi kintu siku inaandikwa, inatoa siku mwenyewe anakufa. Siku ile, fulani anapashwa kuwa muzima wa kupokea. Kama hayuko, hakuna mukono wa kupokea. Kintu inarudi mu bintu ingine ya ule mwenye kufa, inaenda kwa ndugu zake."

"Na batoto ya fulani?"

"Batoto banarisi kintu ya baba yabo. Hii haikuwaka ya baba yabo bado. Hata siku moja haikuwa yake."

Mama akasema: "Lakini baba alifanya kazi ku ile mashini miaka kumi na mbili."

"Najua," karani akasema. Akaangalia mukono wa koti yake. "Najua, mama."

Mutoto wa mufuaji akauliza na sauti ndogo: "Na mwenye aliandikiwa 'batoto yake'?"

"Ule batoto yake banasimama mu fasi yake. Banapokea bo benyewe, kwa jina ya batoto. Ile maneno kidogo njo inazuia kuanguka."

Yule kijana akaangalia chini. Alipata haya, sawa vile yeye njo alituibia.

Lakini karani akaongeza: "Muzee iko muzima bado? Basi anaweza kubadilisha. Mpaka pumuzi ya mwisho anaweza. Kwa mukono wake mwenyewe: aandike yote yeye, atie tarehe, atie sinyatire, jina yake chini. Bintu tatu. Moja ikikosa, karatasi ni ya kuwashia moto. Kama hawezi kuandika, aambie notaire na kinywa chake, mbele ya bashahidi, notaire ataandika."

Mama akamushika mukono. "Leta notaire."

Na alimuleta. Mi nampenda ule karani mpaka leo, na puani yake yote. Sijui aliongea nini na mukubwa wake, lakini siku ya pili notaire alienda ku lopitalo na bashahidi, na karani nyuma yabo na kalamu. Sisi hatukuingia. Muntu mweusi aliingia pale tu kama anabeba kintu: ndoo, nguo, kitanda. Tulikaa inje ku majani. Mutoto wa mufuaji aliingia na kikapu ya pyjama ya muzee, akapanga nguo mu kabati pole pole ili asikie.

Alitoka, tukaona ku uso wake mbele hajafungua kinywa.

"Notaire alimuuliza: unataka nini? Muzee alifanya 'ba, ba, ba'. Machozi inashuka. Karani alisema: Bwana, anataka kusema ya fundi. Notaire alisema: hairuhusiwi wewe umusemee. Akamuuliza tena. 'Ba, ba.' Akamuuliza kama anaweza kutingisha kichwa, kisha akasema hapana, kutingisha kichwa si kuamuru, mi naandika kile masikio yangu inasikia. Akangoja. Alingoja sana, mama, si muntu mubaya. Kisha akafunga mufuko."

Mama alikamata majani mu mikono yake mbili na akayang'oa. Hakulia. Alisema: "Mukono wa kushoto uko?"

"Uko."

"Unaandika?"

"Hajajaribu."

"Kesho umupelekee karatasi. Chini ya pyjama."

Ah, ile wiki. Mungu anisamehe, sitaki hata mwenye kunichukia apite mu ile wiki. Asubuhi mutoto wa mufuaji anaingia na kikapu, sisi ku majani. Siku ya mwanzo sœur, mutawa wa lopitalo, alimufukuza, na karatasi ilibaki mu kikapu. Siku ya pili muzee aliandika maneno moja, ikaenda juu kama nzige. Siku ya tatu, ku karatasi mupya, aliandika tarehe. Tarehe yote, muzuri kabisa, alianza nayo, juu muzee alikuwa muntu wa mpango: ku facture zake, karatasi za bei, pia tarehe njo ya kwanza. Mama alisema: "Ambia aanze na sinyatire kesho, kisha maneno." Mutoto wa mufuaji alisema: "Mama, nimemwambia. Ananiangalia sawa vile nimemwambia avae viatu mbele ya soksi."

Siku ya ine, tano, sita, maneno moja moja. Kalamu inaanguka, anaokota. Muzee anachoka, analala, anaamuka, anaomba kalamu na macho. Kila magaribi mama ananiuliza: "Amefika wapi?" na mi namusomea karatasi kijana anatoka nayo kila siku, juu mi nilisoma kidogo kwa basœur, darasa mbili: *mashini mbili na meza, za fundi wangu, na juu amekufa, za batoto yake*. "Na sinyatire?" Bado.

Siku ya saba mutoto wa mufuaji aliingia na kikapu, akatoka na kikapu, na pyjama ilikuwa ndani vile alivyoipeleka: muzee alikufa usiku.

Karatasi alikuwa nayo mu mufuko wa shati. Tulikimbia nayo kwa karani. Tulikimbia, mama na miguu yake ya kuchoka, mi na kaptula ya ndugu yangu mudogo mu mukono, juu nilikuwa naishona ku majani. Karani aliisoma akisimama. Aliisoma mara ya pili. Aliigeuza nyuma, labda sinyatire iko nyuma.

"Mukono ni wake," alisema. "Tarehe iko. Maneno iko, na ni maneno yenyewe, hata notaire hangeandika muzuri kuipita. Jina yake haiko chini."

"Lakini wewe unajua ni yeye," mama akasema. "Umeona macho yake."

"Mi najua."

"Basi ambia notaire unajua."

"Mama, nikimwambia, ataniuliza: iko wapi sinyatire?"

Alimwambia hata hivyo. Jibu ilikuwa ile.

Baliita bantu mu bureau siku testament ya kwanza ilisomwa. Karani alisoma Kifaransa, kisha akageuza mu Kiswahili kwa sisi tulisimama ku ukuta. Mashini ndogo, pasi na kinga: mufuaji, na kama akufe mbele, batoto yake. Notaire akauliza: batoto iko? Mutoto wa mufuaji akainua mukono, na dada zake mbili nyuma yake. Ilikuwa rahisi hivi. Alitia kidole mu wino na basi. Mashini mbili kubwa na meza: jina ya baba. Nilisikia jina ya baba yangu mu ile chumba, na sauti ya puani, sawa vile baba atajibu "Bwana". Notaire akauliza kama amekufa. Mama akasema ndiyo. Notaire akaandika neno moja pembeni, karani hakuigeuza mu Kiswahili.

Karani aliandika barua kwa mutoto wa ndugu kule Ulaya, na maneno muzuri, kumwomba awaachie batoto ya fundi mashini kwa huruma, juu yeye sasa njo mwenyewe, anaweza kutoa akipenda. Barua ikaenda na gari ya moshi, kisha na mashua. Mbele jibu irudi, muntu wa serikali wa kuuzisha bintu ya mwenye kufa alikwisha kupata amri yake, na mashini zikapakiwa ku camion. Meza haikupita mu mulango. Baliikata na musumeno.

Magaribi ile mutoto wa mufuaji alikuya mu lupango yetu na ile mashini ndogo ku kichwa, dada zake nyuma. Akaiweka mu chumba ya mbele.

"Dada zangu hawajui kushona," akasema. "Shona. Ya batoto ya mufuaji inabaki ya batoto ya mufuaji, lakini mukono wa kuzungusha ni wako."

Mama akamwambia: "Baba yako alikuwa na akili kushinda bwana yangu."

"Hapana," akasema. "Baba yangu alikuwa muzee. Hakuogopa kintu."

Kavu ikafika, baba mukubwa akafika. Alikaa, akasikiliza mambo yote mpaka mwisho, ya karani, ya mukono wa kushoto, yote. Aliangalia mashini ya mukono. Aliizungusha mara moja.

"Hii inalisha nani, shemeji?"

"Inalisha."

"Inalisha mbili. Si ine." Na sauti yake ilikuwa ya huruma, njo ubaya yake. "Nitakuachia musichana, akusaidie. Bavulana nitabachukua. Si kwa kukuazibu. Mi nilisema, na wewe ulisikia."

Mama alimupigania siku tatu. Alimupigania na maneno, na bukari, na kunyamaza. Aliita karani, karani akaongea muzuri sana, na baba mukubwa akamujibu: "Wewe una karatasi zako, mi niko na ukoo." Siku ya ine tulienda ku gare. Ndugu zangu badogo balivaa suruali mupya, mama alizishona na mashini ndogo. Mudogo alikuwa na furaha juu ya treni. Mukubwa hakukuwa. Baba mukubwa alibaweka ku dirisha ili mama aone mpaka mwisho.

Kisha mama alianza kushona suruali zabo. Kila wakati muntu wa kwetu anapanda treni, mama anamupa suruali mbili. Lakini kupima? Alikuwa ananiita mi, ananisimamisha ku mulango, anasema: "Siku ile wewe ulikuwa hapa, mukubwa alikuwa ku sikio yako. Sasa wewe uko hapa, basi yeye iko…" na anaweka kidole mu hewa. Anaangalia kile kidole. Anaongeza kidogo. Anakata.

Mwaka ya pili habari ilirudi na mama mumoja wa soko: suruali zilifika, asante, lakini zinababana. Batoto balikomaa kushinda.

Mama aliongeza vidole mbili na akakata tena.